Shafti isipasuke wala kupinda ukiichovya: maji, oili au polima?

Wakuu, leo naandika kuhusu kitu ambacho kinatuumiza sana mafundi wa chuma huku Mwanza, yaani unakereza shafti siku mbili, unachonga meno ya pinioni vizuri, unachonga kiwei, yaani mfereji wa kukalia kii inayoshika puli, afu siku ya kuifanya iwe ngumu unaitumbukiza kwenye pipa na ndani ya dakika moja kazi yote imekufa. Imepasuka. Au haijapasuka ila imepinda hadi haingii kwenye beringi.

Nitaeleza kwa kutumia kazi moja niliyoifanya mwenyewe, ya kwanza ikaharibika na ya pili ikatoka vizuri, chuma kilekile na mchoro uleule. Ni shafti ya karasha ya kusagia mawe ya dhahabu, mteja katokea upande wa Geita. Urefu milimita 420, unene mkubwa milimita 50, upande mmoja ina pinioni iliyochongwa humohumo kwenye shafti, upande mwingine ina kiwei cha milimita 14 cha kushika puli. Chuma ni EN19. Mteja anataka meno yawe magumu, kama HRC 45 hivi kwenye kipimo cha ugumu cha Rockwell, kwasababu ile ya mwanzo iliisha meno ndani ya miezi michache.

Ya kwanza niliichovya kwenye maji. Pipa la lita 200, maji ya ziwa, safi kabisa, kwasababu shafti zote za EN8, kile chuma cha kaboni tu, tulikuwa tunachovya humo na zinatoka salama. Hiyo shafti haikupiga kelele yoyote, nikaitoa imepoa, nikaiweka juu ya meza nikasema kesho asubuhi ntaitempa, yaani kuipasha tena kwa joto la chini ili isibaki kavu kama kioo. Asubuhi nikaitempa, jioni kwenye kuisafisha nikaona kamstari kembamba kama unywele kwenye kona ya kiwei. Nikaweka dayo geji, ile saa ya kupimia kupinda, nikakuta imepinda pia milimita 0.9. Nikaamua kuivunja kwenye presi nione ndani kuna nini, na hapo ndo nilijifunza zaidi kuliko mahali pengine popote.

Kwanza elewa kinachotokea ndani ya chuma

Watu wengi wanajua kwamba chuma kikipoa kinasinyaa, na wanadhani kinapasuka kwasababu ya kusinyaa. Hiyo ni nusu tu ya habari.

Chuma kikiwa chekundu kwenye digrii 860 atomi zake zimejipanga kwa namna moja, wataalam wanaita ostenaiti. Ukikipoza haraka, kikishuka hadi digrii 340 hivi kwa hii EN19, kinaanza kugeuka kuwa matensaiti, ambayo ndo ule ugumu tunaoutafuta. Sasa matensaiti inachukua nafasi kubwa kuliko ostenaiti, karibu asilimia 4 kwa ujazo. Kwahiyo chuma kinapoa kinasinyaa, kinasinyaa, afu kikifika hapo ghafla kinavimba.

Kama shafti nzima ingefika digrii 340 kwa pamoja, nje na katikati, isingekuwa na shida, ingevimba yote kwa pamoja basi. Lakini haiendi hivyo. Ukiitumbukiza, ngozi ya nje inapoa ndani ya sekunde chache wakati katikati bado kuna moto mkali. Ngozi inavimba kwanza, inakuwa matensaiti, ngumu na kavu kama kioo. Katikati bado ni laini, inakubali kusukumwa. Baadae katikati nayo inafika digrii 340, inataka kuvimba, ila ngozi ya nje tayari imeshaganda haikubali kutanuka. Ni sawasawa na ile chupa ya soda ukiisahau kwenye friza, soda ikiganda inavimba na chupa haina pa kwenda, inapasuka.

Kwahiyo adui ni tofauti ya joto kati ya ngozi na katikati wakati matensaiti inatengenezwa. Kadri kimiminika chako kinavyopoza kwa ukali ndivyo tofauti inavyokuwa kubwa, na kadri kitu kilivyo kinene ndivyo inavyozidi. Na kupinda ni ndugu wa kupasuka, sababu ni hiyohiyo, ila hapo tofauti ni kati ya upande huu na upande ule wa shafti: upande mmoja ukipoa kabla ya mwingine shafti inavutwa.

Kitu kingine, katikati haivimbi kwa mara moja. Kazi inaendelea hata shafti ikiwa imekaa mezani inaonekana imetulia. Ndo maana yangu haikupasuka pipani, ilipasuka usiku nikiwa nyumbani.

Hatua ya 1: Jua chuma chako kabla ya kuchagua cha kuchovyea

Kosa langu lilikuwa kuifananisha EN19 na EN8. Zote zina kaboni karibu asilimia 0.4, kwahiyo ugumu wa mwisho unakaribiana. Lakini EN8 ni chuma cha kaboni tu, lazima ukipoze haraka sana ndo kigeuke matensaiti, na kitu kinene hakikubali mpaka katikati. EN19 imeongezewa kromiamu kama asilimia 1 na molibdenamu kidogo, na hizo zinakifanya kiwe mvumilivu, hata ukikipoza taratibu kwenye oili bado kinakuwa kigumu hadi ndani. Ukikitia kwenye maji hupati ugumu wa ziada, unapata ufa tu.

Kanuni ninayoifuata sasa hivi ni hii: chagua kimiminika kinachopoza taratibu kuliko vyote ambacho bado kinakupa ugumu unaoutaka.

Kama hujui chuma ni aina gani, na huku ndo kawaida maana tunanunua shafti za magari zilizokatwa, usikisie. Kata kipande cha mwisho chenye unene uleule wa shafti yako na urefu angalau mara mbili ya unene, kipashe hadi joto la kazi, chovya kwenye oili. Kikipoa kikwangue ngozi ya juu kwa grainda kidogo afu pitisha faili jipya. Faili likiteleza kama linapita kwenye kioo, basi oili inatosha na hakuna haja ya maji kabisa. Faili likiuma, jaribu kipande kingine kwenye kitu kikali zaidi. Unaanza kwenye upole unapanda, usianze kwenye ukali. Kipande kimoja cha majaribio ni bei rahisi kuliko shafti nzima.

Na kuna swali ambalo inabidi umuulize mteja kabla ya yote: kweli anahitaji ugumu? EN19 nyingi zinazouzwa madukani zimeshafanyiwa hiyo kazi kiwandani, ziko kwenye hali wanayoiita T, karibu HRC 28 hivi. Kwa shafti ya kawaida ya puli na beringi hiyo inatosha kabisa, unakereza na kuchonga kiwei unakabidhi. Hii ya karasha ilikuwa na meno yanayosagana na vumbi la mawe ndo maana nililazimika.

Hatua ya 2: Ondoa kona kali ukiwa bado unachonga

Ufa hauanzi popote tu. Unatafuta mahali ambapo mvutano umejikusanya, na hapo ni kwenye kona: chini ya kiwei, mahali shafti inaposhuka kutoka 50 kwenda 35, shimo la pini, hata alama nzito ya kisu cha kukerezea au namba uliyogonga kwa stempu.

Yangu ya kwanza kiwei kilikuwa na kona kali kama kisu, kwasababu kata ya miling ilikuwa mpya. Ya pili nilisaga kidogo ncha za kata ikaacha mviringo wa milimita 0.4 chini ya kiwei, ambao ndo mwisho wa kipimo cha kawaida kwa kii ya 14. Ukitaka mviringo mkubwa zaidi inawezekana, ila ukumbuke kuikata na kii yenyewe kona zake kwa faili, la sivyo kii itakalia kwenye kona badala ya kukalia chini, na puli italegea. Kwenye bega la kushuka kutoka 50 kwenda 35 niliacha mviringo wa milimita 3 badala ya kona ya mraba, beringi ikawekewa ringi ya kuisogeza mbele kidogo.

Kama ugumu unaoutaka unaruhusu kuchonga baadae, usichonge kiwei kabla kabisa. Chovya shafti ikiwa mviringo mtupu, tempa, afu ndo uchonge. Kwa HRC 30 kata za kawaida zinakata vizuri. Kwa HRC 45 unahitaji kata za kabaidi na mashine isiyotikisika, mimi sina, kwahiyo nilichonga kabla.

Mashimo na kiwei nilivijaza udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu, nikaacha ukauke kabisa. Udongo ukiwa mbichi mvuke wake unautoa wote kwenye moto. Ukikauka unakaa pale, na kona ya kiwei inapoa taratibu kuliko ngozi nyingine.

Afu acha nyama ya kusagia. Mimi niliacha milimita 0.5 kwenye sehemu zote za beringi. Shafti itapinda kidogo tu hata ufanyeje, cha muhimu ni iwe ndani ya hiyo nyama.

Kitu kimoja wengi wanakiruka: kama ulikereza kwa kukata kwa nguvu au uliinyoosha kwa presi, ndani yake tayari kuna mivutano, na ukiipasha tu inajipinda kabla hata ya kuchovya. Ipashe kwanza digrii 600 hivi, ikae saa moja kwa kila milimita 25 za unene, ipoe taratibu ndani ya tanuru lililozimwa. Afu ukereze mara ya mwisho.

Hatua ya 3: Pasha taratibu, sawasawa, na usizidishe

Tanuru langu ni pipa lililojengewa matofali ya moto ndani na bana ya gesi. Shafti inaning'inia wima kwa waya mnene, haijalala, kwasababu chuma chekundu ni laini na kikilala kwenye matofali mawili kinainama kwa uzito wake chenyewe.

Joto la EN19 ni digrii 850 hadi 860. Mwenye kipima joto atumie. Asiye nacho kuna njia mbili za kusaidia. Sumaku inaacha kuvuta chuma kwenye digrii 770 hivi, kwahiyo ikiacha kuvuta bado unahitaji kupanda digrii 80 au 90. Na chumvi ya mezani inayeyuka kwenye digrii 801, unanyunyiza punje chache kwenye kipande cha chuma kilicho pembeni ya shafti, zikiyeyuka zikawa kama maji ujue umepita 800 na umebakiza kidogo. Fanya hii kazi kivulini, jua la hapa linadanganya macho, chuma ambacho ni chekundu kabisa mchana kinaonekana cheusi.

Ukizidisha ukafika 950 au 1000 chembe za chuma zinakua, na chuma chenye chembe kubwa kinapasuka kirahisi hata kwenye oili. Nimewahi kuona kipande kilichopashwa kupita kiasi, ukikivunja ndani kinang'aa kama sukari ya mawe, wakati kizuri kinaonekana kijivu laini kama kitambaa.

Ikishafika joto iache dakika kama 50 kwa unene huu wa milimita 50, ili katikati nako kufike. Chuma ambacho nje ni 860 na ndani ni 780 tayari kina tofauti ya joto kabla hujaanza.

Hatua ya 4: Maji, oili au polima

Vyote vitatu vina tabia moja kwa mwanzo. Chuma chekundu kikiingia, kimiminika kinachokigusa kinakuwa mvuke mara moja na kutengeneza blanketi kukizunguka, na ndani ya blanketi hilo kupoa kunakwenda taratibu. Baadae blanketi linapasuka, kimiminika kinagusa chuma na kuchemka kwa fujo, na hapo ndo joto linatoka kwa kasi kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Mwisho kuchemka kunaisha na chuma kinapoa kwa kuzungukwa na kimiminika tu.

*Maji* shida yake ni mbili. Ya kwanza, blanketi haliondoki pote kwa wakati mmoja, ndani ya kiwei mvuke unakwama wakati pembeni yake maji yameshagusa, kwahiyo kipande hiki ni 700 na jirani yake ni 300. Ya pili, maji bado yanapoza kwa ukali mkubwa hata chuma kikiwa kimeshuka chini ya digrii 340, palepale matensaiti inapotengenezwa, wakati ambao tunataka upole. Mnaotumia maji kwa EN8, yawe ya kawaida kama digrii 20 hadi 30, maji ya ziwa yanafaa kabisa. Usidhani ukiyapasha hadi 60 unayafanya kuwa mpole. Unalifanya blanketi likae muda mrefu na kwa madoa madoa, unapata sehemu laini na sehemu zilizopasuka kwenye shafti moja. Chumvi kidogo ndani ya maji, kama kilo 10 kwenye lita 100, inavunja blanketi mapema na kupoa kunakuwa sawasawa zaidi, ila ukali unaongezeka, kwahiyo ni kwa vitu vyembamba vya umbo rahisi tu.

*Oili* inapoza kwa ukali kama theluthi moja ya maji hivi, na uzuri wake mkubwa ni kwamba ikifika chini inakuwa mpole sana, kwasababu inachemka kwenye joto la juu zaidi ya maji. Yaani kuchemka kunaisha wakati chuma bado kipo juu, na kwenye eneo la matensaiti inapoza kwa kuzunguka tu. Kwa EN19 hii ndo jibu.

Oili ipashe kabla. Hii inawashangaza wengi, ila oili ya digrii 60 inapoza vizuri kuliko ya digrii 25, kwasababu ikiwa ya moto inakuwa nyepesi na inazunguka. Mimi napasha kipande cha chuma chakavu hadi kinakuwa chekundu na kukitumbukiza humo, narudia mpaka kipima joto kinaonyesha 60.

Kiasi cha oili ni lita 8 kwa kila kilo ya chuma, angalau. Shafti yangu ina kilo 6 hivi, kwahiyo lita 50 ndo mwisho wa chini kabisa, na ukipiga hesabu lita 50 zitapanda joto kama digrii 35. Nilitumia lita 100, zikapanda nusu ya hapo. Ukichovya kwenye ndoo ya lita 20 oili itafika zaidi ya 140 na inaweza kushika moto juu yako.

Kuhusu oili chafu ya injini, najua ndo wengi tunatumia kwasababu inapatikana bure gereji. Inafanya kazi, ila haitabiriki, ina masizi na mabaki ya dizeli yanayoshusha joto lake la kushika moto, na moshi wake ni mbaya kifuani. Kama kazi ni ya kueleweka nunua oili ya kuchovyea yenyewe, itakaa miaka. Dizeli usithubutu, mvuke wake unashika moto kwenye digrii 60 na kidogo tu.

Na jambo la maji ndani ya oili nalisema kwa herufi nzito: pipa lako lisiingie mvua. Masika huku inapiga kweli, na pipa la nje lisilo na mfuniko linakusanya maji chini huyaoni. Oili ikipata hata maji kidogo, mahali yanapogusa chuma panapoa kwa ukali wa maji na shafti inapasuka wakati wewe unaamini umetumia oili. Na yakiwa mengi yanageuka mvuke kwa ghafla chini ya pipa na oili ya moto inaruka juu yako. Chota oili kidogo kutoka chini kabisa, pasha kwenye kijiko cha chuma juu ya jiko. Ikitoa mlio wa chachacha kama kukaanga samaki aliyelowa, ina maji. Ipashe yote taratibu hadi 110 hivi, pipa lisijae zaidi ya nusu, mpaka mlio uishe, au itoe kwa bomba la chini ikishatulia.

*Polima* ni maji yaliyochanganywa na dawa inayoitwa PAG. Ajabu yake ni kwamba inayeyuka kwenye maji baridi lakini ikifika digrii 74 hivi inajitenga na maji, kwahiyo kwenye chuma cha moto inajitenga na kujipaka kama ngozi nyembamba, na ngozi hiyo ndo inayopunguza ukali. Chuma kikipoa ngozi inayeyuka tena inarudi kwenye maji. Haishiki moto, haina moshi, na ukali wake unaupanga mwenyewe: asilimia 10 inakaribia maji, asilimia 20 na kuendelea inasogea kwenye oili. Kwa shafti kama hii ya EN19 ningeanza asilimia 20 au zaidi kidogo.

Ila polima inataka uangalizi. Lazima izungushwe na pampu, ikitulia ngozi inakuwa nene huku na nyembamba kule. Joto lake lisizidi 40 kabla ya kuchovya. Na kiwango chake kinabadilika, maji yanakauka kwa joto la hapa na kila kipande unachotoa kinaondoka na polima kidogo. Unahitaji kile kipimo cha lenzi wanachopimia sukari ya juisi. Njia rahisi, ukinunua polima mpya changanya vikombe vitatu, asilimia 10, 15 na 20, soma kila kimoja na uandike ukutani, afu kila asubuhi unalinganisha. Maoni yangu ni kwamba polima ni ya karakana inayochovya kila siku. Kwa anayechovya mara mbili kwa mwezi itakaa inanuka kwenye pipa, oili ni bora.

Hatua ya 5: Kuchovya kwenyewe

Shafti inaingia wima, kwa kasi moja bila kusita, mpaka izame yote. Ukiiingiza imelala upande wa chini unapoa kwanza na inapinda kama upinde, hii ndo ilikuwa sababu ya ile milimita 0.9 yangu, niliilaza kwasababu koleo lilikuwa fupi. Ukiacha nusu nje ya oili ndo moto unapowaka, kwahiyo waya uwe mrefu wa kutosha. Mfuniko wa chuma na ndoo ya mchanga viwe mkononi, maji usiyasogeze kabisa kwenye moto wa oili.

Ikishazama ipandishe na kuishusha polepole palepale kwa mstari wa wima. Usiipeleke kushoto na kulia, upande unaokata oili utapoa haraka kuliko wa nyuma.

Usisubiri ipoe kabisa. Itoe ikiwa na digrii 60 hadi 80, yaani ukiigusa kwa glavu kavu unasikia moto ila unavumilia kwa muda mfupi.

Hatua ya 6: Tempa hapohapo

Hapa ndo niliua shafti ya kwanza, kwa kusema kesho. Tanuru la kutempa liwe limeshapata moto kabla hujachovya. Shafti inatoka kwenye oili, inafutwa, inaingia. Kwa HRC 45 hivi ni digrii 430, saa mbili. Umeme ukikatika au tanuru halijawa tayari, iweke kwenye sufuria ya maji yanayochemka, kwa hapa Mwanza ni kama digrii 96 kwasababu tuko juu, haitempi lakini inaizuia isipoe hadi mwisho wakati unajipanga.

Kama imepinda inyooshe baada ya kutempa, ikiwa bado ya moto kutoka tanuruni, kwa presi na taratibu. Kunyoosha shafti iliyochovywa ambayo haijatempwa ni kuivunja.

Hatua ya 7: Tafuta ufa kabla mteja hajaupata

Safisha kwa petroli, kausha. Paka mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili nyepesi kidogo, acha nusu saa ili yaingie. Futa kabisa mpaka kitambaa kitoke kikavu, afu paka chokaa au unga wa chaki ulioloweshwa na spiriti. Spiriti ikikauka juu panabaki peupe, na kama kuna ufa mafuta yanapanda kutoka ndani na kuchora mstari wa kijivu. Angalia zaidi kwenye kona za kiwei, mabega na mizizi ya meno.

Ukipata ufa, usiitupe kabla ya kuivunja, uso wa ndani una ushahidi. Ukikuta sehemu ya ufa ni nyeusi na ina magamba mazito, ufa ulikuwepo kabla hujapasha, chuma kilikuja nao kutoka kilikotengenezwa. Ukikuta ina rangi ya kutempa, kahawia au bluu au bluu inayoelekea kijivu, ufa ulitokea wakati wa kuchovya au baada yake lakini kabla ya kutempa, hewa ya tanuru ikaingia ndani na kuupaka rangi. Ukikuta ni safi na inang'aa, imepasuka baada ya kutempa, labda kwenye kusaga kwa jiwe au kwenye presi.

Yangu ilikuwa bluu-kijivu kuanzia kona ya kiwei hadi karibu na katikati. Hapo sikuwa na cha kulaumu chuma.

Ya pili nilifuata yote haya, oili lita 100 ya digrii 60, wima, ikaingia kutempa ikiwa bado ya moto. Ilipinda milimita 0.15, jiwe la kusagia likaimaliza ndani ya ile nyama ya 0.5, na chaki ilibaki nyeupe pote.